Jaketi la Fungu la Kwanza

Kofi la kwanza yaya alipigwa msibani, akiwa amekaa mkekani, na aliyempiga ni mdogo wa marehemu mumewe. Yaya ni dada yangu mkubwa. Hivyo ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa. Sikungoja kuuliza sababu. Nilimrukia yule bwana mgongoni nikamng'ata sikio, na hatukutenganishwa mpaka wazee wa kanisa walipokuja, mmoja akinivuta miguu na mwingine akiomba kwa sauti kana kwamba kuna pepo ndani yangu. Huenda lilikuwemo. Nimezaliwa na hasira za karibu na sijawahi kuzionea haya.

Sababu ya kofi ilikuwa bahasha. Mume wa yaya alikuwa mchimbaji wa mkono upande wa Kambove, na shimo lilimwangukia. Wenzake wa shimoni walichanga, kila mmoja alichonacho, wakaiweka ile bahasha mkononi mwa mjane badala ya mkononi mwa ukoo. Ukoo uliitaka. Yaya alikuwa ameizika ndani ya gunia la unga, na shemeji yake alipoikosa alichukua kilichoonekana: godoro, redio, baiskeli, na nguo zote za marehemu.

Nguo si kitu cha kulalamikia. Mtu akifa ndugu zake hugawana nguo, ndivyo ilivyo, na hata sisi tumewahi kugawana za wengine. Lakini kulikuwa na jaketi moja la ngozi, la kahawia, ambalo yaya mwenyewe alikuwa amelitoa kwenye robota la mitumba miaka ya nyuma. Wakati huo alikuwa akichambua nguo za mama mwingine sokoni kwa ujira wa siku. Aliliona, akalilipia bei kamili kidogo kidogo, na bitana ilipochanika kwapani aliishona kwa uzi wa buluu kwa sababu hakukuwa na mwingine nyumbani. Mumewe alilivaa kanisani kila Jumapili ya baridi. Shemeji alilivaa palepale msibani, akafunga zipu mpaka shingoni, na likamkaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kofi.

Alisimama mlangoni na jaketi lake jipya akatuambia neno lililobaki nasi miezi yote iliyofuata.

"Ile franka ya bahasha, fanya nayo kazi, tutaona. Siku ile franka inaisha, batoto banakuya kwetu. Ni ba ndugu yangu, hawako ba soko."

Yaya alikuwa na watoto watatu. Mkubwa alikuwa ameanza kusoma, mdogo alikuwa bado ananyonya. Kwa watu wa ukoo ule maneno hayo hayakuwa kitisho, yalikuwa sheria: mwanamke asiyeweza kulisha watoto wa marehemu huwarudisha kwa marehemu. Basi kuanzia siku hiyo bahasha haikuwa pesa tena. Ilikuwa watoto watatu ndani ya gunia la unga.

Yaya alinunua balo. Balo ndilo jina letu la robota la mitumba, lile linalofika limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki, gumu mithili ya tofali. Unalinunua bila kulifungua. Unasoma karatasi iliyobandikwa, unapiga ngumi ubavuni, unanusa kona kama kuna unyevu, unamwomba Mungu, unalipa. Ukishakata mkanda ni lako, hata kama ndani kuna soksi za upande mmoja. Wenye depo, yale maghala yanakouzwa mabalo, hawarudishi pesa, na usijaribu kulia mbele yao, wameshazoea.

Alichagua balo la majaketi ya wanaume, kwa kuwa baridi ya katikati ya mwaka ilikuwa imeshaingia na asubuhi watu walipanda teksi-basi wamejifunika mashuka. Karibu bahasha yote iliingia humo. Iliyobaki ililipa mkokoteni, ushuru wa meza, na mkate.

Nieleze kazi yenyewe, maana asiyeijua hataelewa kwa nini tulipigana. Ndani ya balo la majaketi yasiyofika sabini, ukibahatika, theluthi ni mazuri: zipu inapanda na kushuka, kola haijachakaa, bitana nzima, rangi haijapauka begani. Hilo ni fungu la kwanza. Linalofuata ni la pili, nguo zenye kasoro ya kutazamika: kitufe kimepotea, mfuko umeshonwa, mkono umefifia. Chini kabisa ni zile zilizochanika, zenye madoa, zenye ukungu, na makoti ya watoto yaliyojipenyeza. Hizo za chini huwezi kuzipangia bei ya maana. Unamuuzia mchimbaji anayetaka kitu cha kwenda nacho shimoni, au fundi wa gari wa kupangusia mafuta.

Mtu mgeni kwenye kazi huchukua bei ya balo, hugawa kwa idadi ya nguo, kisha huuza zote bei moja. Mtu huyo hamalizi baridi. Wateja si wajinga; kwa bei ile ya katikati watabeba mazuri yote kabla jua halijapanda, na wewe utabaki na rundo la makovu ambalo hakuna atakayelitaka hata kwa nusu. Yaya alifanya kinyume. Fungu la kwanza peke yake lazima lirudishe pesa yote: balo, mkokoteni, ushuru. Kila jaketi zuri linabeba mgongoni mwake mawili mabovu. La pili ni chakula na kodi ya nyumba. La chini, chochote kitakachoingia ni chumvi.

Kwa hiyo bei ya fungu la kwanza haishuki. Hata mteja akupigie magoti. Ukishusha moja tu, umeshusha na yale mawili lililoyabeba.

Tuligawana kazi kwa tabia zetu. Yaya alikuwa mkimya na mikono yake ilikuwa na macho, kwa hiyo yeye alichambua. Mimi nina mdomo, kwa hiyo mimi nilitaja bei na kutukanwa. Hakuna bei inayotajwa kabla balo halijafika chini. Hiyo ilikuwa amri yake. Wanaofunga mabalo huko yanakotoka wanajua kuweka mazuri juu, na mwenye pupa akiona tabaka la juu linang'aa huanza kuuza rahisi akidhani na chini ni vile vile.

Asubuhi ya kufungua tulitandika turubai mbele ya meza yetu kule soko la Kikula, na wateja wa kwanza walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa mwenye duka la nguo mjini, bwana mfupi mwenye kofia ya sufu, anayekuja kila balo linapofunguliwa ili achukue yaliyo bora, ayapige pasi na kuyauza kama mapya. Yaya alipokata mkanda wa mwisho balo lilipumua na kuvimba, watu wakasogea. Mwanamke mmoja alivuta mkono wa jaketi la buluu na mwingine akavuta mkono wa pili wa jaketi hilohilo, na kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshikana nywele. Niliwatenganisha kwa mti wa kutundikia nguo. Nilimpiga mmoja kiunoni, na wa pili nikampiga ili wasione nimependelea. Watu walicheka na mimi nilicheka, kwa kuwa hivyo ndivyo balo linavyofunguliwa, na sikujua bado siku ile itakuwa ya namna gani.

Yaya hakuinua kichwa. Alilishika kila jaketi mabegani, akaligeuza kwenye mwanga, akapandisha zipu mara mbili, akanusa makwapa, akaingiza mkono katika kila mfuko, ndani na nje, kisha akalirusha kwenye fungu lake. Tabaka la juu lilikuwa zuri mno. Wateja wakaanza kuniuliza bei.

"Mama, ile ya nyeusi ni ngapi?"

"Bado."

"Lakini naiona, iko pale."

"Na miye nakuona weye uko pale. Bado."

Alipofika katikati nilimwona anaacha kunusa. Chini ya majaketi ya ngozi na ya sufu kulikuwa na makoti ya mvua yaliyoshikana kwa joto, mengine yamemeguka rangi mikononi mwake kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kona moja ya chini ilikuwa imelowa zamani na kukauka na ukungu. Alichambua mpaka la mwisho. Fungu la chini likawa refu kuliko mawili mengine.

Akaja karibu na sikio langu. "La kwanza iko kumi na tisa," alisema. "Inatosha. Lakini kumi na tisa yote, hakuna ya kushusha." Kisha akanionyesha bei kwa vidole, na bei ile ilikuwa ya juu kuliko tuliyokuwa tumeizungumza nyumbani, kwa sababu kila jaketi sasa lilikuwa na mgongo wa kubeba zaidi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepanda juu ya kreti kutangaza pale shemeji alipofika.

Alikuja na binamu zake wawili, na alikuwa amevaa jaketi la ngozi la kahawia. Lazima niseme na upande wake, ingawa sipendi. Yeye pia alikuwa mchimbaji. Siku shimo lilipoanguka ndiye aliyefukua kwa mikono mpaka akamfikia kaka yake, na kucha zake mbili hazikuota tena sawasawa. Sanduku la kumzikia alilikopea pesa. Machoni mwake ile bahasha ilikuwa imetoka katika mwili wa ndugu yake, na sisi tulikuwa wanawake wawili tuliokuwa tukiigeuza kuwa makoti ya mvua. Hasira yake ilikuwa na mizizi. Lakini hata mimi yangu ina mizizi.

"Shemeki, jambo," yaya alimsalimu.

Hakuitikia. Alitazama mafungu matatu, akawaambia binamu zake wahesabu. Walihesabu majaketi yote kwa kuyapiga teke na ncha za viatu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa wauza samaki:

"Nimeisha kuhesabu. Ninakamata nusu. Nusu ni haki ya ndugu yangu, nusu ni ya weye na batoto. Sikuibe, bantu bote banaona."

Watu waliokuwa pale walitikisa vichwa kukubali. Nusu! Ukilitaja neno hilo mbele ya watu linasikika zuri. Hata mwenye duka mwenye kofia ya sufu alisema, "Nusu si mubaya, mama." Kisha binamu wakainama, na wote wawili wakainamia fungu la kwanza.

Hapo ndipo yaya aliposema kwa upole, kama anavyomfundisha mtu kazi, "Shemeki, hapana vile. Kama unataka nusu, kamata nusu ya kila fungu. Nusu ya kwanza, nusu ya pili, nusu ya ile ya chini. Ukikamata ya kwanza yote, ile haiko nusu. Ile ni balo yote. Unaniachia gunia tupu."

"Jaketi ni jaketi," alisema shemeji.

"Basi kamata ile ya ukungu."

Kuna aliyecheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu. Shemeji alimpiga yaya ngumi ya mdomo. Si kofi safari hii. Alianguka kitako juu ya fungu la pili na damu ikamtoka kati ya meno, na yeye akaketi pale akiitazama ikidondoka kwenye koti la kijivu, na nilijua anachokifikiria: koti lile limeshuka fungu.

Mimi nilikuwa nimeshashuka kwenye kreti. Ule mti wa kutundikia nguo ulikuwa bado mkononi mwangu na nilimpiga nao binamu wa kwanza usoni. Nilisikia pua ikivunjika, na sitasema uongo, niliisikia kwa furaha. Binamu wa pili alinishika shingo kwa nyuma. Nilimkanyaga, nikamkwaruza, akanikaba mpaka soko likawa na vidoa vyeusi, na kwa macho hayo yaliyojaa vidoa nikamwona yaya anasimama na kile kisu cha kukatia mikanda.

Nilidhani atamchoma. Nilitaka amchome, bado nakumbuka nilivyotaka. Shemeji alikuwa ameinama, mikono imejaa majaketi ya fungu la kwanza mpaka kidevuni. Yaya alilishika la juu, lile jeusi lililoulizwa bei, akaliingizia kisu begani na kulishusha mpaka pindo. Nguo nzuri ikichanwa hutoa mlio mrefu. Hata wauza samaki waligeuka.

"Ile sasa iko ya chini," alisema, na maneno yake yalitoka na damu. "Kamata."

Shemeji alimsukuma. Akarudi. Akalichana la pili.

"Na ile. Kamata. Kamata yote, shemeki, nitayashusha yote mu mikono yako. Haubebe mazuri ya batoto wangu halafu uniachie mabovu."

Alilichana la tatu. Alikuwa akilia sasa, si kwa maumivu, maana niliijua sauti yake ya maumivu; alilia jinsi mtu anavyolia akivunja vyombo vyake mwenyewe. Shemeji alichelewa kidogo kuelewa kwamba kile alichokuja kukichukua kilikuwa kinamfia mikononi. Alitupa mzigo chini akaukamata mkono wenye kisu kwa kiganja kitupu, na kisu kikapita. Kiganja kilifunguka. Alitazama nyama yake, akapiga kelele, akamshika yaya nywele na kumgongesha kichwa kwenye mguu wa meza.

Ndipo wanawake wa soko walipoingia. Mpaka wakati huo yalikuwa mambo ya ukoo, na mambo ya ukoo watu huyatazama. Lakini mama mmoja wa meza ya jirani, muuza chaki na chumvi, alikuwa amesikia neno la watoto, na yeye pia aliwahi kunyang'anywa wake. Alimpiga shemeji kwa jiwe la mizani katikati ya mgongo. Wauza samaki wakaja na mbao zao. Nilikuwa nimejinasua, nikaingia pia. Sijui nilimpiga nani na nani. Nakumbuka mkono wangu ndani ya kitu laini ambacho kilikuwa shavu, na harufu ya samaki wakavu, na watu wakivuta mikono ya shemeji upande huu na ule kama walivyovuta lile jaketi la buluu asubuhi. Kisha akateleza nje ya jaketi lake, akabaki na fulana, akakimbia kuelekea barabara ya teksi-basi huku kiganja chake kikimwaga damu nyuma yake. Binamu wa pua alimfuata. Yule mwingine alikuwa ameshatoweka kabla, na majaketi mawili kwapani.

Soko lilirudi kwenye biashara zake kabla hata damu haijakauka. Muuza chaki aliniletea maji kwenye kikombe. Yaya alijiosha mdomo, akatema jino, akalifunga katika kona ya kitenge chake, kisha akapiga magoti kwenye turubai.

"Panga upya," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Yeye alikuwa ameshaanza: begani, mwanga, zipu, kwapa, mifuko. Matatu yaliyochanwa, fungu la chini. Mawili yenye damu iliyoingia kwenye sufu, ambayo haitatoka kwa sabuni yoyote tunayoijua, fungu la chini. Mawili yaliyokwenda na binamu hayapo. Kumi na tisa yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Nilimwona akisogeza midomo yake iliyovimba bila sauti, akipandisha bei ya yale kumi na mawili, halafu akisita, kwa sababu kuna mahali bei haiwezi kupanda tena. Mteja ana macho na ana meza nyingine za kwenda. Alirudia hesabu ile mara ya pili na ya tatu, na kila mara ilikatikia palepale. Lilikuwa limepungua jaketi moja, moja zuri sana, la bei ya kubeba mgongo mzima. Watoto watatu walikuwa wamepelea jaketi moja.

Nililiona kabla yake. Lilikuwa limelala karibu na mguu wa meza, lile la ngozi, limekanyagwa, halijachanika. Nililiokota na kulikung'uta vumbi ili nilifiche chini ya meza. Nilitaka aende nalo nyumbani. Lilikuwa lake mara mbili: alilinunua na alilipigania.

Yaya alinyoosha mkono. Nikampa.

Alilishika mabegani akaligeuza kwenye mwanga. Akapandisha zipu mara mbili. Alinusa makwapa, na hapo alikaa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka, uso wake umefichika ndani kabisa, na mimi niligeuka nikatazama wauza samaki. Kisha akaingiza mkono mfuko wa kulia, wa kushoto, na ule wa ndani. Haukuwa na kitu. Akalikunja vizuri, mikono nyuma, kola juu, akaliweka juu ya fungu la kwanza.

Alininyooshea vidole kunionyesha bei yake. Sijawahi kutaja bei kubwa hivyo tangu nizaliwe.

Mwenye duka mwenye kofia ya sufu hakuwa ameondoka. Watu wa aina yake hawaondoki. Hungoja vita viishe kama mtu anavyongoja mvua. Alikuja moja kwa moja kwenye lile la ngozi, akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa. Akaliuliza bei. Kazi ya kutaja bei ilikuwa yangu, lakini ile sikuitaka mdomoni mwangu. Yaya akaitaja mwenyewe.

Yule bwana hakushtuka. Alilivua akaligeuza ndani nje, akachunguza bitana kwa kidole, akafika kwapani.

"Ah, mama. Apa iko uzi ya buluu. Imeshonwa. Ile ni ya pili, weye mwenyewe unajua."

Na ni kweli alijua. Miaka yote ile, kwa mama yule mwingine na kwetu, yaya hakuwahi kuliacha jaketi lenye mshono kwenye fungu la kwanza. Alikuwa akiwaonyesha wateja kasoro kabla hawajaiona wenyewe. Niliona mkono wake unaelekea kwenye lile jaketi, nikadhani atalishusha, na kama angelishusha basi yote yalikuwa yamekwisha, kwa sababu jaketi la pili halibebi mtu.

Aliishika ile sehemu yenye mshono kwa vidole viwili.

"Ile uzi nilitia miye," alisema. "Haijaachia. Bei ni ile."

"Punguza kidogo."

"Kama ni ya pili kwa weye, iache apa."

Bwana yule alimtazama: mdomo uliovimba, nywele zilizong'olewa upande mmoja, damu kwenye kitenge. Sijui aliona nini. Alitoa pesa, akazihesabu mara mbili, akachukua na mengine matano bila kubishana, akaondoka akiwa amelivaa lile la ngozi kwa sababu ya baridi. Yaya hakumsindikiza kwa macho. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye fungu la chini akimwambia mchimbaji mmoja kwamba koti la mvua likishamwaga rangi bado linazuia maji.

Yaliyobaki ya fungu la kwanza yaliuzwa kabla ya jua kushuka. Pesa ya balo ilirudi. Haikuzidi, ilirudi tu, pamoja na mkokoteni na ushuru, na ya chakula kidogo kutoka la pili. Yaya aliikunja na kuiweka palepale alipoweka jino. Kuhusu shemeji tulisikia baadaye kwamba kiganja kilishonwa na hakikunjiki vizuri, na kwamba anasema atarudi. Mpaka leo ninapokaa sokoni huwa nakaa uso kuelekea barabara.

Jioni ile nilipika mimi. Watoto walikula, mdogo akalala na titi mdomoni, na yaya akajivuta karibu na taa akiwa na yale majaketi matatu aliyoyachana. Nilimuuliza kwa nini hakulificha lile la ngozi, nikamwambia ningebishana na mwenye depo mimi mwenyewe atupunguzie bei ya balo lijalo, ningekopa, ningeiba. Nilisema kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nataka kulia.

Alilaza jaketi jeusi juu ya magoti, akakutanisha kingo mbili za mkato kuanzia begani, akalamba ncha ya uzi kwa upande wa mdomo ambao haukuwa umevimba, akautia kwenye sindano. Uzi ulikuwa uleule wa buluu.

"Hizi kesho ni ya pili," alisema. "Usizipandishe."